Molariti, molaliti au asilimia ya uzito: kipi kinafaa kwa juisi ya zabibu?

Chukua ndoo moja ya juisi ya Chenin Blanc iliyokamuliwa leo asubuhi, zabibu zimetoka shambani Hombolo. Mwenye kiwanda kidogo anadondosha tone moja kwenye rifraktomita yake na kusoma 22. Fundi wa maabara akiulizwa sukari ya juisi hiyo hiyo anaandika 1.33. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayefanya maswali ya kushuka kwa nyuzijoto ya kuganda anapata 1.57. Ndoo ni ile ile, na wote watatu wako sahihi.

Wa kwanza anasema kwamba katika kila gramu 100 za juisi, gramu 22 ni sukari. Hiyo ni asilimia ya uzito. Wa pili anasema kila lita ya juisi ina moli 1.33 za sukari, na hiyo ndiyo molariti. Wa tatu anasema kila kilo ya maji yaliyomo ndani ya juisi imebeba moli 1.57 za sukari, yaani molaliti. Tazama kinachogawanya: gramu za mchanganyiko mzima, lita za mchanganyiko mzima, kilo za maji peke yake. Karibu kila ubishi unaozuka kati ya vipimo hivi vitatu chanzo chake ni hapo.

Namba zenyewe nimezipata kwa kudhani kwamba kila kilichoyeyuka ni glukosi na fruktosi, ambazo ndizo sukari kuu za zabibu na zote zina gramu 180.16 kwa moli. Densiti ya juisi ya aina hiyo ni karibu 1.092 g/mL kwenye digrii 20. Juisi halisi ina asidi na chumvichumvi kidogo pia, na rifraktomita inavihesabu humo humo. Kwa ulinganisho wetu tofauti hiyo haisumbui, isipokuwa mahali pamoja nitakapopataja.

Vigezo nilivyotumia

Kabla ya kuchagua, jiulize mambo manne. Kwanza, una chombo gani: mizani, au vyombo vya kupima ujazo kama bureti, pipeti na flaski ya volumetriki? Pili, joto la mahali unapofanyia kazi linabadilika kiasi gani? Dodoma asubuhi ya Julai na mchana wa Novemba ni kama miji miwili tofauti, na maabara nyingi hazina kiyoyozi. Tatu, swali lako linahitaji kuhesabu nini: uzito wa kitu, au idadi ya chembe zinazokutana na chembe nyingine? Nne, namba hiyo inakwenda kwa nani baada yako? Namba sahihi iliyoandikwa kwa kipimo ambacho msomaji wake hakielewi itamharibia kazi kama namba ya uongo.

Nitavipitia vipimo vyote vitatu kwa maswali hayo hayo manne, ingawa havitachukua nafasi sawa.

Asilimia ya uzito

Chombo chake ni mizani, na ndiyo sababu kipimo hiki kimeshika shambani, jikoni na viwandani. Huhitaji kujua moli ni kitu gani, wala fomula ya sukari. Huhitaji hata kujua ni sukari ya aina gani. Kwa zabibu kuna njia ya mkato zaidi: rifraktomita ya Briksi ni kipimo cha asilimia ya uzito kilichofichwa ndani ya kioo. Inapima jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye juisi, kisha skeli yake imeandikwa kama vile juisi ni maji na sukari ya miwa tu. Ukisoma 22, unasoma gramu 22 kwa gramu 100.

Joto haliibadilishi asilimia yenyewe. Kilo moja ya juisi ni kilo moja alfajiri na saa nane mchana. Kinachoweza kudanganya ni chombo, kwa sababu juisi ya moto inapindisha mwanga kidogo kuliko ya baridi, na skeli imepangwa kwa digrii 20. Rifraktomita zilizoandikwa ATC zinajirekebisha zenyewe ndani ya kiwango fulani cha joto. Kama yako haina maandishi hayo, acha tone likae juu ya kioo nusu dakika lipoe kabla hujasoma, na usipime juisi ya zabibu zilizotoka juani sasa hivi.

Uzuri mkubwa wa asilimia unaonekana kwenye kuchanganya, na papo hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Tuseme una kilo 100 za juisi yenye asilimia 18, nawe unataka ifike 22. Wengi watachota kilo 4 za sukari wakamwaga. Lakini sukari unayoongeza inaongeza pia uzito wa mchanganyiko mzima, kwa hiyo ukimwaga 4 utakuwa na kilo 22 za sukari ndani ya kilo 104, sawa na asilimia 21.2. Hesabu yenyewe ni hii: sukari iliyopo ni 18, unaongeza x, na jumla ni 100 + x. Unataka (18 + x) iwe 0.22 ya (100 + x). Ukiifungua, x ni 4 gawanya kwa 0.78, yaani kilo 5.13. Kosa la namna hiyo hiyo ni kuyeyusha gramu 22 katika gramu 100 za maji ukadhani umepata asilimia 22. Umepata 22 kwa 122, yaani asilimia 18.

Udhaifu wake ni kwamba asilimia haijui chembe. Gramu 22 za glukosi na gramu 22 za sukari ya dukani zinaandikwa sawa, ingawa sukari ya dukani, ambayo ni sukrosi, ina gramu 342.3 kwa moli. Maana yake gramu hizo 22 zina chembe karibu nusu tu ya zile za glukosi. Kwa mtu anayeuza juisi hilo si kitu. Kwa anayetaka kujua juisi itaganda kwenye digrii ngapi, hilo ndilo swali lenyewe, na nitalirudia kwenye molaliti.

Kuna jambo jingine la kuangalia mno: neno "asilimia" likiwa peke yake halijakamilika. Chupa ya mvinyo ikisema 12%, hiyo ni asilimia ya ujazo, mililita 12 za ethanoli katika mililita 100. Ethanoli ni nyepesi, 0.789 g/mL, kwa hiyo mililita 12 zina gramu 9.5 tu, na kwa uzito mvinyo huo ni karibu asilimia 9.6. Chupa nyingine za dawa zinatumia asilimia ya tatu, gramu kwa mililita 100. Unapoandika asilimia, andika ni ya nini juu ya nini. Ni maneno mawili tu na yanaokoa ugomvi.

Inamfaa nani, basi? Anayenunua zabibu kwa mkulima, anayepanga siku ya kuvuna, anayetengeneza jemu au shira, na yeyote anayechanganya kwa mizani. Watengeneza mvinyo huchukua Briksi na kuzidisha kwa 0.55 hadi 0.6 ili kukisia kileo kitakachopatikana, kwa hiyo 22 inawapa kati ya asilimia 12 na 13 za ujazo. Kwa mazungumzo hayo hakuna anayehitaji moli.

Molariti

Hapa tunaingia maabara. Chombo cha molariti ni ujazo: flaski ya volumetriki yenye alama moja shingoni, pipeti na bureti. Nguvu yake iko kwenye jambo moja: ukijua molariti, kila mililita inayodondoka kutoka kwenye bureti inageuka kuwa idadi ya moli bila kupima uzito tena. Lita zidisha kwa molariti, una moli. Kemikali hazikutani kwa gramu, zinakutana chembe kwa chembe, na bureti inakuhesabia chembe.

Mfano unaofanyika kila msimu ni kupima asidi ya juisi. Pipeti mililita 10 za juisi kwenye flaski ya koniko, ongeza maji yaliyokenekwa ili rangi ififie, weka matone mawili matatu ya fenolftalini. Kwenye bureti kuna sodiamu haidroksaidi 0.1 M. Unadondosha huku ukizungusha flaski, na mwanzoni uwaridi unatokea pale tone lilipoangukia kisha unapotea mara moja. Ukikaribia mwisho uwaridi unachelewa kupotea. Hapo punguza mwendo, tone kwa tone, mpaka uwaridi hafifu udumu kama nusu dakika. Kwa juisi nyekundu kama ya Makutupora Red kazi hii ni ngumu kwa macho, kwa sababu juisi yenyewe inageuka kijani au kijivu kabla ya mwisho. Heri kutumia kipima pH na kusimama kwenye 8.2.

Tuseme umetumia mililita 8.0. Hiyo ni lita 0.0080 zidisha kwa 0.1, moli 0.00080 za haidroksaidi. Asidi kuu ya zabibu, asidi ya tartariki, inatoa haidrojeni mbili kwa kila molekuli, kwa hiyo moli zake ni nusu, 0.00040. Zidisha kwa 150.09 upate gramu 0.060 katika mililita 10, yaani gramu 6.0 kwa lita. Jaribu kuifanya hesabu hiyo ukiwa na haidroksaidi iliyoandikwa "asilimia 0.4". Inawezekana, lakini utalazimika kutafuta densiti na kupita kwenye moli vilevile. Molariti imekwisha kukufanyia nusu ya kazi.

Mahali pa kukosea ni wakati wa kuitengeneza. Sodiamu haidroksaidi ina gramu 40 kwa moli, kwa hiyo lita ya 0.1 M inataka gramu 4.0. Unaziyeyusha kwanza kwenye bika yenye maji kidogo, unaacha ipoe, unamimina kwenye flaski ya lita moja, unasuuza bika mara kadhaa na masuuzo yote yanaingia flaskini, ndipo unajaza hadi alama, jicho likiwa usawa wa sehemu ya chini ya kiwambo cha maji kilichopinda. Usichukue lita nzima ya maji ukamwagia vyembe ndani. Kwa gramu 4 tofauti haionekani, lakini kwa sukari inaonekana waziwazi: gramu 240 za glukosi, ambazo ni moli 1.33, zikimwagwa kwenye lita moja ya maji zinatoa mchanganyiko wa karibu lita 1.15, na molariti yake inashuka hadi 1.16. Aliyefanya hivyo ametengeneza molaliti ya 1.33 bila kujua.

Usiuamini pia uzito wa vyembe vya haidroksaidi. Vinanyonya unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani wakati bado uko kwenye mizani, unaviona vinaanza kung'aa kama vimelowa. Ndiyo maana 0.1 M ya kwenye lebo ni ahadi tu mpaka ihakikishwe kwa kitu kinachopimika kwa usafi, na kwa kawaida hutumika potasiamu haidrojeni fthaleti. Gramu 0.5105 zake zinahitaji mililita 25.0 za haidroksaidi kama kweli ni 0.1000 M. Ikila mililita 25.6, molariti yako halisi ni 0.0977, na hiyo ndiyo unayoandika kwenye chupa. Ukitumia maji ya bomba, na ya Dodoma yanajulikana kwa chumvi, utaona ukungu mweupe ukitanda chupani. Huo ni kalsiamu na magnesiamu vikijitenga, na haidroksaidi yako inaliwa kabla haijafika kwenye juisi.

Sasa joto. Molariti ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayobadilika joto likibadilika, kwa sababu ujazo unatanuka huku moli zikibaki zile zile. Flaski imepimwa kwa digrii 20. Ukitengeneza mmumunyo wa maji kwenye digrii 20 ukautumia kwenye digrii 32, maji yametanuka karibu asilimia 0.3, na 0.1000 M imekuwa 0.0997 M. Je, inaumiza? Kwa kupima asidi ya juisi hapana, maana tone moja la bureti la mililita 0.05 kwenye mililita 8 ni kosa la asilimia 0.6, mara mbili ya hilo la joto. Anayesema molariti haifai kwa sababu ya joto anakuza mambo. Lakini kwa mmumunyo uliotengenezwa kwa ethanoli jambo ni jingine: ethanoli inatanuka zaidi ya asilimia 1 kwa digrii hizo 12, na hapo 1.00 M yako ni 0.99 tu. Mmumunyo uliojazwa hadi alama ukiwa bado wa moto nao unadanganya. Moli nzima ya haidroksaidi ikiyeyuka katika lita moja inapandisha joto kwa digrii kama 10, na lita iliyofikia alama kwenye digrii 40 inapungua karibu mililita 6 ikipoa hadi 20.

Molariti inamfaa anayefanya titresheni, anayechanganya vitendanishi, anayepunguza ukali wa mmumunyo kwa pipeti, na mwanafunzi yeyote anayekwenda kwenye mtihani wa vitendo. Haimfai mtu aliyeko shambani na ndoo na mizani ya kuning'inia.

Molaliti

Molaliti ndiyo inayosahaulika, na wengi hukutana nayo darasani tu kisha wakaachana. Haistahili hivyo, ingawa nakubali kwamba kazi zake ni chache.

Chombo chake ni mizani, kama asilimia. Unapima maji kilo moja, unapima kitu chako, unachanganya, umemaliza. Huna haja ya flaski ya volumetriki wala kujali imejaa hadi wapi. Joto haliigusi kabisa, maana uzito wa maji na idadi ya moli havitanuki. Mmumunyo wa molaliti 1.57 ni wa 1.57 jokofuni na juani.

Swali linaloihitaji ni lile la chembe dhidi ya maji: kuganda, kuchemka, na maji kuvutwa kupita ngozi ya seli. Maji yanaganda chini ya sifuri pale chembe za kitu kingine zinapokaa katikati ya molekuli zake. Kinachoamua ni chembe ngapi ziko kwa kila kilo ya maji. Lita za mchanganyiko hazina kauli hapo. Kwa maji, kila molaliti moja ya chembe inashusha kuganda kwa digrii 1.86. Juisi yetu ya 1.57 inashuka kwa hesabu digrii 2.9. Ukitumia molariti ya 1.33 kimakosa utapata 2.5, na mwanafunzi aliyefanya hivyo anapoteza alama huku akijiona amefuata kanuni.

Hapa ndipo lile suala la sukari ya dukani linaporudi. Chukua juisi mbili, zote rifraktomita inasoma 22. Ya kwanza ni ya zabibu zilizoiva zenyewe. Ya pili ilikuwa 17, mtu akaipandisha kwa sukari ya dukani hadi 22. Kwa asilimia zinafanana kabisa. Kwa molaliti, ya pili ina moli 0.887 za sukari ya zabibu na moli 0.176 za sukrosi katika kila kilo ya juisi, jumla 1.063, ambazo ukizigawa kwa kilo 0.78 za maji unapata 1.36. Kuganda kwake kunashuka digrii 2.5 badala ya 2.9. Digrii 0.4 zinaonekana kwa kipimajoto kizuri kinachosoma sehemu ya kumi. Weka bomba la juisi kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi, koroga taratibu, na uangalie joto likishuka hata chini ya mahali pake, kisha barafu ya kwanza inapotokea joto linaruka juu kidogo na kutulia. Pale linapotulia kwanza ndipo penye jibu.

Njia hiyo ina mipaka yake, na ni lazima isemwe. Asidi na potasiamu ya juisi halisi nazo ni chembe, zinashusha kuganda zaidi ya sukari peke yake, kwa hiyo unalinganisha na juisi unayoiamini ya aina ile ile. Usitegemee namba ya kitabuni. Halafu sukrosi ikikaa ndani ya asidi inavunjika polepole, molekuli moja inakuwa glukosi moja na fruktosi moja, na hamira inaiharakisha sana. Juisi iliyoanza kuchachuka haina tena ushahidi huo. Na kadiri mmumunyo unavyokuwa mzito, ile 1.86 inazidi kuwa makadirio. Kwenye asilimia 22 bado inakubalika. Kwenye shira inashindwa.

Kwa kuchemka, Dodoma ina jambo lake. Mji uko karibu meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji safi yanachemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Juisi yetu itachemka karibu digrii 0.8 juu ya hapo. Sasa fikiria maelekezo ya jemu yanayosema epua kwenye 104. Yameandikwa kwa watu wa pwani, ambao kwao 104 ni digrii nne juu ya maji yao. Ukingoja 104 hapa, unangoja digrii nane juu ya maji yako, na jemu itakuwa imekaza au imeungua. Chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto, ongeza nne au tano. Kuhesabu kiwango hicho kutoka kwenye molaliti hakuleti jibu zuri, kwa sababu jemu iliyofika huko ina sukari nyingi mno kwa kanuni ile nyepesi, lakini fikra ni ya molaliti: kinachobaki na maana ni tofauti ya nyuzijoto juu ya maji yenyewe.

Inamfaa anayeshughulika na kuganda na kuchemka, anayefanya vipimo kwenye joto tofauti tofauti akitaka namba moja isiyotikisika, na anayefanya kazi bila vyombo vya ujazo vya kuaminika. Udhaifu wake ni kwamba haiongei na bureti. Ukimpa fundi wa titresheni molaliti, atakuuliza densiti kabla hajagusa chochote.

Kuhama kutoka kipimo kimoja hadi kingine

Kutoka asilimia kwenda molaliti hakuhitaji densiti, uzito wa moli tu. Kuingia au kutoka kwenye molariti kunahitaji densiti, na densiti ya joto lile lile ulilofanyia kazi. Ukiita asilimia ya uzito w, uzito wa moli M katika gramu, na densiti ρ katika g/mL:

```
molariti = 10 × w × ρ / M
molaliti = 1000 × w / (M × (100 − w))
```

Jaribu kwa ndoo yetu: 10 × 22 × 1.092 ÷ 180.16 inatoa 1.33, na 22,000 ÷ (180.16 × 78) inatoa 1.57. Densiti usiipige kwa macho. Haidromita ya mvinyo inaipa moja kwa moja, au pima kwenye mizani mililita 100 zilizopimwa kwa flaski.

Kwa mimumunyo myepesi ya maji usijisumbue. Chumvi ya mezani 0.1 M ni karibu molaliti 0.1 vilevile, tofauti iko kwenye tarakimu ya nne. Zinaanza kuachana waziwazi pale kitu kilichoyeyushwa kinapochukua nafasi ya kuonekana, kama sukari yetu ilivyoongeza mililita 150 kwenye lita moja ya maji. Asidi ya betri ndiyo mfano mkali zaidi mitaani. Ikiwa na asilimia 37 za asidi ya salfuriki na densiti ya karibu 1.28, molariti yake ni 4.8 na molaliti yake ni 6.0. Anayechanganya hizo mbili kwa asidi hiyo amekosea kwa robo nzima.

Uchague kipi, kwa hali gani

Uko shambani au getini kwa mnunuzi, unataka kujua zabibu zimeiva: asilimia ya uzito, kwa rifraktomita, na usiongeze lingine.

Unataka kuongeza sukari au kuchanganya juisi za mashamba mawili: asilimia bado, ila pima kwa kilo na ukumbuke kwamba unachoongeza kinaongeza jumla. Kama una ndoo tu na huna mizani, juisi ya 22 ina kilo 1.09 kwa lita, kwa hiyo lita 20 ni kilo 21.8.

Unapima asidi, salfa dayoksaidi au chochote kinachodondoshwa kwa bureti: molariti, iliyohakikishwa wiki hiyo, na lebo yenye tarehe pamoja na joto ulilojazia flaski. Mmumunyo wako ukiwa wa kileo badala ya maji, uache ukae kwenye joto la chumba kabla ya kuutumia, au utengeneze kwa uzito.

Unashuku juisi imeongezwa sukari, au unataka kujua itaganda wapi kwenye friji: molaliti, kwa juisi mbichi isiyochachuka, na juisi ya kulinganishia kando.

Unajibu swali la mtihani: soma kinachotolewa. Swali likitaja lita au sentimeta za ujazo na mwitiko wa kemikali, linataka molariti. Likitaja kilo za maji pamoja na kuganda au kuchemka, linataka molaliti. Likitoa asilimia na densiti kwa pamoja, mtahini anataka ubadilishe kwenda molariti, na kama ametoa asilimia bila densiti, njia iliyobaki wazi ni ya molaliti.

Na kama hujui nani atasoma daftari lako baadaye, andika asilimia ya uzito pamoja na densiti na joto lililopimiwa densiti hiyo. Kwa namba hizo tatu na fomula mbili za juu, fundi wa titresheni na mwenye kipimajoto wote watajipatia wanachokitaka bila kukupigia simu.